Kaunta buku, listi ya watsap au shiti: upi unafaa kufuatilia fungu la kila mtu mkinunua pamoja

Sisi huku Nsambya, Kampala, tuko watu kumi hivi tunaonunua chakula pamoja kila mwezi, wengine ni wake wa askari, yupo mwalimu Mkenya, wapo kina mama wawili wa Kongo, na mzee mmoja tunayemwita Jaja ambaye simu yake ni ile ya batani. Tunachanga hela, mimi naenda Kikuubo, kwenye maduka ya jumla mjini, kuchukua magunia, tunarudi kugawa uani kwangu. Hesabu nimeshaweka kwa njia tatu, kwanza listi ya watsap, halafu kaunta buku, halafu Google Sheets, na kila moja imenitoa jasho kwa namna yake, kwa hiyo nikiulizwa ipi bora naishia kuuliza na mimi, mko wangapi na mnanunua vitu vya aina ngapi?

Kabla hatujalinganisha niwape oda yetu moja halisi ili tuwe tunaongelea kitu kimoja. Sukari magunia mawili ya kilo 50, gunia shilingi 180,000, yaani 3,600 kwa kilo. Mchele nao magunia mawili ya kilo 50, gunia 195,000, yaani 3,900 kwa kilo. Jumla ya mali 750,000. Halafu gharama za njiani, wabebaji wa Kikuubo wanaokutolea gunia dukani mpaka kwenye gari 8,000, pikapu 30,000, ada ya kutoa hela za momo kwenye simu 6,000, na kavera, mifuko ya plastiki ya kugawia, 6,000. Hiyo ni 50,000 juu ya ile mali. Dukani kwetu mtaani wakati huo sukari ilikuwa 4,500 kilo na mchele 5,000.

Sasa ile 50,000 ndo mahali pa kwanza watu wanapokosea, na ukikosea hapo hata uwe na shiti ya kompyuta kubwa namna gani hesabu itakuwa mbaya tu. Mwanzoni tuligawa kwa vichwa, watu kumi kila mmoja 5,000, inaonekana haki kabisa. Lakini Jaja alikuwa anachukua sukari kilo 5 tu, hizo ni 18,000, ukiongeza 5,000 zinakuwa 23,000, na dukani pale chini angeipata kwa 22,500! Yaani tumemtoa jasho la kuchanga wiki nzima halafu amelipa zaidi ya duka. Ukigawa kwa kilo, 50,000 kwa kilo 200 ni 250 kila kilo, sukari inakuwa 3,850 na mchele 4,150, Jaja analipa 19,250, na aliyechukua kilo kumi kumi za vyote viwili analipa 80,000 badala ya 95,000 ya dukani. Toka siku ile ni kwa kilo, hakuna mjadala.

Haya, tuje kwenye njia zenyewe.

Listi ya watsap

Hii ndo kila mtu anaanza nayo kwa sababu haina gharama na grupu tayari lipo. Unaandika 1. Mama Shamimu sukari 10 mchele 10, mwingine anakopi, anabandika chini jina lake, anatuma, na mwingine hivohivo mpaka gunia lijae. Kwa kukusanya oda sijaona kitu cha haraka zaidi, ndani ya saa moja nishajua nani anataka nini.

Shida yake hauioni mpaka siku ya kugawa. Watu wawili wakikopi listi ileile kwa wakati mmoja, kila mmoja anaongeza jina lake chini na kutuma, basi ile ya mwisho haina jina la mwenzake, na wanaofuata wanakopi ile ya mwisho. Mtu anapotea kimyakimya, na hakuna atakayejua maana nani anasoma majina yote tena. Ilitutokea, Mama Shamimu aliandika kilo 10 za sukari, dakika ileile jirani naye akatuma yake, na kufika Jumamosi mimi nimenunua kwa listi ya mwisho. Mama wa watu alikuwa ameshalipa! Nikamkatia kwenye fungu langu, mwezi ule chai ya kwangu ilikuwa chungu, lakini kosa halikuwa lake.

Unaweza kupunguza hiyo kwa kusema hakuna kukopi, kila mtu aandike yake tu, halafu mwandalizi peke yake ndo anatoa listi rasmi jioni na kuibandika juu ya grupu, ile pini, ambayo inakaa masaa 24, siku 7 au siku 30 ukitaka. Inasaidia sana. Ila kumbuka meseji inarekebishika kwa dakika 15 tu baada ya kutuma, kwa hiyo mtu akibadilisha mawazo Alhamisi itabidi utoe listi nyingine, na sasa grupu lina listi mbili, na kuna mtu atasoma ile ya zamani, utamwona tu.

Kubwa kuliko hayo, listi inaonesha ahadi, haioneshi hela. Watu wanaweka ile tiki ya kijani mbele ya jina kwamba nimelipa, na wanajiwekea wenyewe! Nilipata tiki tisa na malipo saba. Na ukiwauliza wanakutumia skrinishoti, na skrinishoti siyo hela, meseji ya momo mtu anaweza kuiandika mwenyewe kwa namba ya kawaida ikafanana kabisa na ya mtandao. Cha kuangalia ni salio lako na orodha ya miamala kwenye simu yako wewe unayepokea, basi. Kwa hiyo watsap kwa oda sawa, kwa hela mi nimekataa.

Kaunta buku

Hapa watu wa mjini watanicheka lakini nisikilizeni. Kaunta buku ile ngumu ya duka la steshenari, ukaichora vizuri, inashinda listi ya watsap mbali sana, na sababu yake ni kwamba kwenye buku unalazimika kutenganisha mambo matatu ambayo kwenye watsap yanachanganyika, mtu ameahidi nini, amelipa nini, na amepokea nini. Hivyo ni vitu vitatu tofauti, na karibu kila ugomvi niliouona kwenye haya manunuzi ni mtu ana moja akidhani ana nyingine.

Safu zangu ziko hivi. Namba ya mtu, jina, sukari aliyooda, mchele aliooda, anachopaswa kulipa, alicholipa na tarehe, namba ya muamala, kilo alizopokea, sahihi, chenji. Ile namba ya muamala ndo kitu watu wanaruka na ndo inayokuokoa. Kwa nini? Kwa sababu hela ya momo inaingia na jina lililosajiliwa kwenye laini, siyo jina la kwenye grupu. Mke analipa kwa laini ya mumewe, mwingine anamtuma wakala, mwingine laini yake imesajiliwa kwa jina la kaka yake wa Masaka, wewe unapokea 83,000 kutoka kwa mtu usiyemjua na watu wawili wanadai ni yao. Ukiwa na namba ya muamala, mwenye hela anasoma meseji yake, unasoma yako, zinalingana au hazilingani. Na mnapotuma, waambie watu waandike jina la kwenye grupu kwenye ile sehemu ya sababu, ni sekunde tano.

Faida nyingine ni Jaja. Yeye haoni listi ya watsap wala shiti, lakini anakuja jioni anakaa kwenye mkeka ananiambia mwanangu nifungulie ukurasa wangu, anaweka kidole kwenye namba yake, anaona kilo 5, anaona 20,000 alizonipa mkononi, na sahihi yangu mimi niliyepokea. Hela za mkononi hazina meseji, kwa hiyo buku ndo ushahidi wake pekee.

Ubaya wa buku unaanza bei ikibadilika. Mwezi mmoja, oda ikiwa ileile, nafika Kikuubo nakuta sukari imepanda, gunia 184,000, yaani 80 zaidi kwa kila kilo. Kwenye buku maana yake narudia hesabu za kila mtu kwa mkono, mistari kumi, nikiwa nimesimama katikati ya wabebaji wanaopiga kelele nipite. Watu kumi inawezekana, watu 25 ungelia. Ndo maana tunachangisha kwa bei ya juu kidogo, sukari 4,000 na mchele 4,300, halafu tunarudisha chenji baada ya kununua, kuliko kuomba mtu 800 ya nyongeza Jumapili, hiyo 800 hutaiona milele. Ubaya mwingine, buku liko moja, likimwagikiwa chai au likibaki kwenye boda mmekwisha, kwa hiyo kila ukurasa ukijaa napiga picha natuma kwenye grupu. Na kuna kitu cha ziada hapo, picha ikishatumwa hakuna anayeweza kusema mwandalizi amebadilisha namba usiku.

Shiti

Google Sheets ni bure, inafunguka kwenye simu, na kwa kweli ukishaitengeneza mara moja mwezi unaofuata unabadilisha namba tu. Tengeneza kurasa mbili, moja iite Oda na nyingine Malipo. Kwenye Oda, juu kabisa mstari wa 2 weka bei, sukari B2, mchele C2, hizo bei ziwe tayari zina ile 250 ya gharama ndani. Kuanzia mstari wa 5 ni watu, A namba ya mtu, B kilo za sukari, C kilo za mchele. Kwenye Malipo kila hela ikiingia inapata mstari wake, A tarehe, B namba ya mtu, C kiasi, D namba ya muamala. Mtu akilipa mara mbili, nusu Jumatano nusu Ijumaa, ni mistari miwili, usijumlishe kichwani.

Halafu rudi Oda, D5, E5 na F5 weka hizi tatu:

```
=B5*$B$2+C5*$C$2
=SUMIF(Malipo!B:B,A5,Malipo!C:C)
=E5-D5
```

Ya kwanza ni anachopaswa, ya pili inaenda kuokota malipo yake yote popote yalipo, ya tatu ni chenji, na ikiwa na alama ya kutoa mbele basi anadaiwa. Vuta chini mpaka mtu wa mwisho. Bei ya sukari ikipanda nabadilisha B2 tu, kutoka 3,850 kwenda 3,930, na mistari yote inajirekebisha hapohapo nikiwa bado dukani.

Wanaoshindwa na shiti wengi wanaangukia sehemu mbili. Moja ni alama za dola kwenye $B$2, ukizisahau, ukivuta chini mtu wa pili anazidishwa na B3 ambayo haina kitu, anaonekana hadaiwi hata shilingi, na namba zinakaa vizuri tu kwenye skrini huwezi kushtuka. Jichunguze kwa kumwangalia mtu wa mwisho kabisa, mpigie hesabu kwa kalkuleta, kama analingana basi na wa katikati wako sawa. Ya pili ni majina. Kama badala ya namba umetumia majina, mara umeandika Mama Shamimu, mara Mama Shamim, mara kuna nafasi tupu mwishoni ambayo macho hayaioni, SUMIF inasema huyu hajalipa. Nilimdai mtu aliyelipa kwa sababu ya nafasi tupu! Toka hapo namba tu, wewe ni 4, ukihamia Entebbe bado wewe ni 4.

Linki wape ya kuangalia tu, siyo ya kuandika. Niliwahi kuacha watu wote waandike, mtoto wa mtu akachezea simu ya mamake na safu nzima ya mchele ikaondoka, kwa bahati shiti inaweka historia ya mabadiliko nikarudi nyuma kwenye kompyuta ya mwalimu. Kwenye buku ukishafuta kwa kalamu nyekundu hakuna kurudi nyuma, lakini pia hakuna mtoto anayefuta safu nzima kwa kidole kimoja, haya mambo yana pande mbili.

Ila shiti haimfikii Jaja, na hata wenye simu kubwa nusu yao hawafungui linki, wanasema bando limeisha niambie tu nadaiwa ngapi. Kwa hiyo bado utakuwa unatuma namba kwenye watsap moja moja.

Mzani, ambao hakuna njia inayokufanyia

Hapa ndo siku inapoharibika, na listi wala buku wala shiti haitakuambia. Gunia limeandikwa 50, siyo lazima mle ndani kuna 50. Mwezi ule mchele tulipima magunia yote mawili kabla ya kufungua, tukatoa uzito wa magunia matupu, tukapata kilo 99. Kama usingepima kwanza ungeanza kugawa kumi kumi, na mtu wa mwisho angepata pungufu kilo nzima, na mtu wa mwisho mara nyingi ni yule aliyechelewa kazini siyo mkorofi. Tukagawa kwa uwiano, kila kilo iliyoodwa inatoa gramu 990, aliyeoda kumi anapata 9.9 na aliyeoda tano anapata 4.95. Hakuna aliyenuna, maana kila mtu aliona mzani.

Na kuna wizi usio na mwizi. Ukigawa mafungu 20 ya kilo 5, na kila fungu ukalizidisha gramu 50 tu kwa mkono wa huruma, hicho ni kiganja kidogo cha mchele, mwishoni imeondoka kilo moja. Watu wataanza kukuangalia vibaya. Kwa hiyo anayepima ni mmoja, anayeandika ni mwingine, na kilo inayoandikwa kwenye buku ni ile mzani umesema siyo ile aliyooda.

Nani achukue nini

Mkiwa chini ya watu sita na kitu kimoja, tuseme jerikeni ya mafuta mnagawana, listi ya watsap inatosha, alimradi mwandalizi peke yake ndo anaitoa na hela anaziangalia kwenye simu yake mwenyewe. Mkiwa kati ya sita na kumi na tano, vitu viwili au vitatu, mi nasema kaunta buku bila kufikiria mara mbili, hasa kama kuna hata mtu mmoja asiye na simu kubwa au analipa keshi. Juu ya hapo, au bei zinazobadilika kila mkienda, nenda shiti, ila siku ya kugawa toa buku bado kwa ajili ya kilo na sahihi, kwa sababu mtu aliyebeba gunia begani hawezi kusaini kwenye simu.

Kama mwandalizi hapendi hesabu, msimlazimishe shiti. Buku linaloandikwa kila siku linaishinda shiti iliyotelekezwa toka Jumanne. Na mtu asiyelipa hadi Ijumaa jioni anatoka kwenye listi, fungu lake linatangazwa, maana gunia halinunuliwi robo na pengo lake litajazwa na mfuko wa mwandalizi.

Njia yoyote utakayochagua, kuna jaribio moja mimi nalifanya kabla sijamrudishia mtu hata mia. Mwezi ule tulichangisha 400,000 za sukari na 430,000 za mchele, jumla 830,000. Tukatumia sukari 368,000, mchele 390,000, gharama 50,000, jumla 808,000. Zilizobaki mkononi zinatakiwa ziwe 22,000. Upande wa pili, chenji ya kila mtu ni 70 kwa kilo ya sukari na 150 kwa kilo ya mchele, aliyechukua kumi kumi anarudishiwa 2,200, Jaja 350, na ukijumlisha chenji za watu wote kumi lazima zije 22,000 ileile. Zikiwa 22,000 nagawa. Mwezi mwingine za mkononi zilikuja pungufu, nikakaa na buku mpaka saa nne usiku, kumbe wabebaji niliwalipa mara mbili, asubuhi ukiwa bado gizani nilimpa mmoja, na mwenzake akaja akanyoosha mkono nikampa tena.